Nukta ya Mpakani Ihesabiwe Kata Gani?

Mpaka wa kata mbili unapita katikati ya barabara, na nguzo ya taa imesimikwa papo hapo kwenye mstari. Ni ya kata ipi? Katika PostGIS jibu hutegemea amri uliyoandika. `ST_Contains` haihesabu mpaka kuwa ndani, kwa hiyo nguzo inakosa kata zote mbili. `ST_Covers` inauhesabu, kwa hiyo nguzo inaandikishwa mara mbili. Ukijumlisha nguzo za kata kupata za wilaya, mara ya kwanza utapungukiwa, mara ya pili utazidisha.

Amri zote mbili ni sahihi; kosa ni kuzipa kazi isiyo yao. Kuuliza kama nukta imo ndani ya poligoni ni jambo moja, kuigawia kata ni jingine, na ugawaji unadai jibu moja tu. Kanuni inayolitoa tunayo tayari katika mbinu ya mwale: toka kwenye nukta, elekea mashariki, hesabu kingo unazozikata. Zikiwa witiri, nukta imo ndani. Zikiwa shufwa, iko nje. Kila ukingo hupimwa hivi:

```
(y1 > y) != (y2 > y) &&
x < (x2-x1)*(y-y1)/(y2-y1) + x1
```

Siri iko katika kukataa usawa. Ukingo unamiliki ncha yake ya chini, haumiliki ya juu, hivyo mwale unaopita kwenye pembe hauhesabu vibaya.

Tuchukue kata mbili za mraba, kila moja ya mita 100 kwa 100. Ya magharibi inaanzia x = 0, ya mashariki x = 100, na nguzo iko (100, 40). Kwa kata ya magharibi, 100 si ndogo kuliko 0 wala kuliko 100: mikato sifuri, nguzo iko nje. Kwa ya mashariki, 100 ni ndogo kuliko 200 peke yake: mkato mmoja, imo. Kata ya mashariki imeipata kwa mapatano tu, jiometria haikuipendelea.

Mapatano hayo yana gharama. Nukta iliyo juu ya ukingo wa mashariki au wa kaskazini wa ramani nzima haina jirani wa kuipokea, hivyo inabaki bila kata. Tena, kata zote mbili lazima zitumie pembe zilezile mpakani. Zikichorwa kila moja peke yake, huacha nafasi au kupandana kwa sentimita kadhaa, na kanuni haina la kufanya. Hata pembe zikilingana, ukingo wa mshazari ukisomwa kutoka ncha tofauti, ukadiriaji wa desimali unaweza kutoa majibu mawili; panga ncha kwa utaratibu mmoja kabla ya kukokotoa.

Ili kubaini kasoro hizo, hesabu kila nukta imepata kata ngapi, kisha zitazame kwenye ramani zile zenye sifuri na zenye mbili. Zikijipanga kama uzi kando ya mpaka mmoja, kachunguze mchoro wa mpaka huo kwanza.