Igizo la Tukio katika Filamu za Hali Halisi

Igizo la tukio ni sehemu ya filamu ya hali halisi ambamo waigizaji, na pengine wahusika wenyewe, hurudia mbele ya kamera jambo ambalo kamera haikuwapo kulishuhudia. Hutumiwa zaidi kwa historia ya kabla ya upigaji picha, kesi za jinai na ajali. Kisiwa cha Mombasa ni mahali pazuri pa kuichunguza kazi hii, kwa kuwa tukio lake moja kubwa, uasi wa mwaka 1631, limebaki katika maandishi peke yake, tena kwa sehemu kubwa maandishi ya upande mmoja.

Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto baba yake, mfalme wa Mombasa, alipouawa mwaka 1614 kwa njama ya Wareno. Alipelekwa Goa, akalelewa na watawa Waaugustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo Chingulia, kisha akarejeshwa Mombasa mwaka 1626 kuwa mfalme chini ya Ureno. Katikati ya Agosti 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Maria, aliingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamuua Kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Wareno wa mjini na Wakristo wenyeji waliokataa kuuacha Ukristo waliuawa katika siku zilizofuata. Wareno walileta manowari kutoka Goa mwanzoni mwa 1632 wakashindwa kuitwaa ngome, lakini mwaka huohuo Yusuf aliihama mwenyewe kwa njia ya bahari.

Mengi tunayoyajua juu ya siku zile yanatokana na ushahidi wa kiapo uliochukuliwa Goa baadaye, kwa shabaha ya kuthibitisha kwamba waliouawa walikuwa wafia dini. Hapo ndipo swali la uaminifu linapoanza. Mashahidi wale waliulizwa juu ya imani ya waliokufa. Hawakuulizwa juu ya uonevu waliofanyiwa watu wa Mombasa na makapteni wa ngome. Mwongozaji akiigiza ushahidi huo kama ulivyo, bila kusema umetoka wapi, amekuwa wakili wa upande mmoja hata kama kila neno lake limeandikwa mahali fulani.

Igizo la haki ni lile ambalo ukilikata lote, hoja ya filamu inabaki imesimama. Kwamba Yusuf aliingia ngomeni na kapteni akauawa, hilo linasimama kwa hati. Kumwonyesha akinong'onezana na mshauri wake usiku wa kuamkia siku ile ni kutunga, kwa sababu mazungumzo hayo hayana chanzo, na mtazamaji hawezi kuutenganisha uso wa huzuni wa mwigizaji na ukweli wa historia. Maneno ya kinywani ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Heri mwigizaji anyamaze, na msimulizi asome ushahidi huku akimtaja aliyeutoa.

Ushahidi unapogongana, dawa yake ilionyeshwa na Errol Morris mwaka 1988 katika filamu juu ya mauaji ya polisi mmoja wa Dallas, Marekani. Aliigiza tukio lilelile mara nyingi, kila mara kwa kufuata kauli ya shahidi mmoja, na gari au mtu akabadilika kila kauli ilipobadilika. Watazamaji waliona kwamba kauli hizo haziwezi zote kuwa kweli. Randall Adams, aliyekuwa amefungwa kwa kosa hilo, aliachiwa mwaka 1989. Kwa Mombasa, njia hiyo ingemruhusu mwongozaji kuonyesha kuingia ngomeni kwanza kama mashahidi wa Goa walivyokuona, kisha kurudi kwenye mlango uleule pamoja na malalamiko ya Yusuf dhidi ya kapteni.

Kuhusu lebo, tangazo moja mwanzoni mwa filamu halitoshi. Watu huanza kutazama katikati, na vipande hukatwa vikatumwa kwenye simu bila mwanzo wala mwisho. Neno IGIZO liandikwe ndani ya picha yenyewe kila sehemu ya maigizo inapoanza, likae muda wa kutosha kusomwa mara mbili kwa utulivu, na lirudi kila filamu inapotoka kwa mtaalamu anayehojiwa ikaingia tena kwenye maigizo. Chini yake kiandikwe chanzo kwa ufupi: “Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa Goa”. Msimulizi naye alitamke, kwani wapo wanaosikiliza huku wakifanya kazi, na wapo wasiosoma. Zaidi ya hayo, maigizo yawe na sura yao ya kudumu, kwa mfano rangi zilizopunguzwa au kamera isiyotikisika, ili jicho lizoee tofauti.

Jambo la kuepukwa kabisa ni kuyachakaza maigizo ili yafanane na picha za kumbukumbu. Filamu moja fupi ya Kimarekani juu ya maandamano ya watoto wa Birmingham ya mwaka 1963 ilipewa Oscar mwaka 2005, kisha ikalaumiwa kwa kuchanganya picha za zamani na nyingine zilizopigwa upya zikafanywa zionekane kuukuu. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Tukio lilikuwa la kweli, lakini picha halisi zilizokuwamo nazo zikatiliwa shaka.

Katika kupiga picha, adui wa kwanza Mombasa ni uzuri wa Mji wa Kale wenyewe. Roshani za mbao zilizochongwa zinazopendwa na wapigapicha ni za karne ya 19 na mwanzo wa ya 20. Kanga nazo ni za karne ya 19. Nyumba ya Waomani iliyo ndani ya ngome ilijengwa baada ya Wareno kushindwa mwaka 1698. Hata lango la ngome ni mtego: maandishi yaliyo juu yake ni ya mwaka 1639 na yanamsifu kapteni aliyeikarabati ngome baada ya uasi huohuo. Ukimpitisha Yusuf chini yake na maandishi yakaonekana, umemwingiza katika jengo la waliomfuata. Nje kuna mizinga ya meli za vita za 1914, na ng'ambo ya maji majengo ya Nyali.

Kwa hiyo fremu iwe finyu. Piga mkono juu ya ukuta wa mawe ya matumbawe, nyayo kwenye ngazi, kivuli kikipita mlangoni. Tumia lenzi ndefu inayofifisha yaliyo nyuma. Upande wa ngome unaotazama bahari hupata jua la asubuhi, na alfajiri mitaa bado haina tuktuk. Kisu kiwe cha mbao au butu, na pigo lenyewe likatwe kabla ya kufika mwilini: hati haisemi damu ilirukaje, nasi hatuna haki ya kuibuni. Sauti irekodiwe peke yake, mawimbi kwenye miamba na upepo, kwa kuwa sauti ya eneo itakuwa na injini na vipaza sauti. Ngome iko chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya na ni urithi wa dunia tangu 2011. Kibali kiombwe mapema, na moto wala misumari isikaribishwe ukutani.

Waigizaji na majirani waelezwe mapema kinachoigizwa. Kwa Wakatoliki, waliouawa ni wafia dini. Kwa wengine Yusuf ni mwana aliyelipa kisasi cha baba yake. Msichana wa mtaani anayeombwa kulala chini kama maiti anastahili kujua ni maiti ya nani.

Mwisho kabisa, mkanda ghafi nao uwekwe lebo: neno IGIZO katika jina la kila faili na katika maelezo yake, pamoja na mwaka wa kupigwa. Picha za maigizo huuzwa na kuazimwa, na isiyo na lebo ikishaingia ghalani, mtengenezaji atakayefuata ataitumia kama ushahidi.