Kuchagua, kuboresha na kufidia: jinsi uwezo unavyodumishwa uzeeni

Mpiga piano Arthur Rubinstein, mzaliwa wa Łódź nchini Poland, aliendelea kupanda jukwaani hadi mwaka 1976, akiwa na umri wa miaka 89. Alipokuwa na miaka 80 hivi aliulizwa katika mahojiano ya televisheni namna anavyoweza kupiga kwa ustadi ilhali vidole vyake vimepoteza wepesi. Jibu lake lilikuwa na sehemu tatu. Alikuwa amepunguza idadi ya tungo anazopiga. Hizo chache alizifanyia mazoezi zaidi kuliko zamani. Na kabla ya kufikia sehemu ya kasi, alipunguza mwendo makusudi, ili kasi inayofuata isikike kubwa kuliko ilivyo.

Mfano huo ulipendwa sana na Paul Baltes, mwanasaikolojia wa Taasisi ya Max Planck ya Maendeleo ya Binadamu mjini Berlin. Yeye na mkewe, Margret Baltes, aliyekuwa pia mwanasaikolojia, waliichapisha nadharia yao mwaka 1990. Hoja yao ni kwamba nguvu, muda na umakini wa mwanadamu vina kikomo, na kikomo hicho husogea karibu kadiri umri unavyoongezeka. Anayezeeka vizuri hashikilii kila kitu. Huchagua malengo machache, huyawekea juhudi, na pale njia ya zamani inapokatika hutafuta nyingine ya kufikia lengo lile lile.

Kuchagua kwenyewe kuna namna mbili ambazo ni rahisi kuzichanganya. Kuna kuchagua kwa hiari, mtu anapojiwekea kipaumbele kabla hajalazimika, na kuna kuchagua kunakotokana na hasara, mtu anapoacha lengo kwa sababu halifikiki tena na kushika jingine. Kufidia ni jambo tofauti na hayo yote mawili, kwa kuwa lengo halibadiliki. Mzee anayeacha kwenda sokoni kwa sababu ya magoti amebadili lengo. Anayekwenda kwa mkongojo, na kupumzika mara mbili njiani, amefidia.

Jaribio moja lililofanyika Berlin, na kuchapishwa mwaka 2001, lilionyesha jinsi hali hii inavyotokea hata bila mtu kuipangia. Vijana wenye umri wa miaka 20 hadi 30 na watu wazima wa miaka 60 hadi 75 walitakiwa kukariri orodha za maneno huku wakitembea kwenye njia nyembamba yenye vizuizi. Wote walikuwa wamefunzwa kazi zote mbili kwanza. Kazi hizo zilipounganishwa, wazee walipoteza zaidi upande wa kumbukumbu kuliko upande wa kutembea. Watafiti walipowapa msaada wa aina mbili, yaani reli ya kushikilia na kitufe cha kuongeza muda kabla ya neno linalofuata, wazee waliielekea zaidi reli, na vijana kitufe. Ukilifikiria jambo hilo, utaona lina busara: neno lililosahaulika halivunji nyonga, lakini kuanguka kunaweza kuivunja.

Hata hivyo, fidia inaweza kugeuka kuwa madhara inapotolewa na mtu mwingine bila kipimo. Hapa ndipo utafiti wa Margret Baltes katika makao ya wazee unapostahili kusomwa kwa makini. Aligundua mtindo uliojirudia: mkazi aliyeonyesha kushindwa, kwa mfano kuvaa nguo, alihudumiwa mara moja na kusemeshwa, aliyevaa mwenyewe hakutazamwa. Wahudumu hawakuwa na nia mbaya. Lakini mkazi alijifunza kwamba utegemezi ndio unaoleta mtu karibu, na uwezo usiotumiwa ulizidi kufifia. Dalili ya kosa hili, hata nyumbani, ni msaada unaofika kabla mzee hajajaribu. Tiba si kumwacha ahangaike. Mtoto anaweza kumshikia mama kanzu na kungoja mkono wake uingie wenyewe, au kumfungia kifungo cha juu tu, kile ambacho vidole vimekishindwa kweli.

Wala mkakati huu hauna nguvu isiyokwisha. Kila fidia ina gharama yake: kifaa cha kusaidia kusikia huhitaji kuvaliwa, kurekebishwa na kuzoewa kwa wiki kadhaa kabla sauti hazijaacha kuudhi. Katika uchunguzi wa Alexandra Freund na Paul Baltes uliochapishwa mwaka 2002, watu wa umri wa kati ndio waliosema wanatumia mbinu hizi kwa wingi zaidi. Miongoni mwa waliozeeka zaidi, juhudi za kuboresha na kufidia zilikuwa chache. Kuchagua kwa hiari pekee ndiko kulikoendelea kuongezeka kadiri umri ulivyosonga.