Skripti Moja, Majukwaa Manne: Jinsi ya Kuibadilisha Bila Kuua Stori

Umeandika skripti ya dakika tatu. Stori iko hivi: kijana amepata kazi Nairobi na anasaka keja Roysambu. Anaona picha za bedsita safi mtandaoni, renti ngiri saba. Ejenti anadai soo tano ya kuonyeshwa nyumba, halafu anampigia: "Kuna msee mwingine anaitaka, tuma renti nikushikie." Kijana anatuma 7,500 kwa M-Pesa. Anafika na godoro mgongoni, na soja wa ploti anamwambia, "Buda, wewe ni wa nne leo." Hakuna nyumba tupu hapo. Simu ya ejenti imezimwa.

Vidio inaenda poa YouTube. Sasa unataka kuipeleka TikTok, kwa hivyo unakata dakika ya kwanza na kuiposti kama "sehemu ya 1". Hapo ndipo mambo huharibika. Dakika ya kwanza inaishia kijana akituma doo huku anacheka, amepata keja. Msee anayeiona hiyo peke yake anaona tangazo la nyumba. Ukiona komenti kama "nitumie namba ya huyo ejenti," jua umetuma watu kwa konmani uliyetaka kumwanika.

Kwa hivyo kabla hujagusa mkasi, andika sentensi moja: mtu akitoka hapa lazima awe na nini? Kwa stori yetu ni hii: usitume doo kabla hujaingia ndani ya hiyo nyumba. Huo ndio mgongo. Kila toleo, hata la sekunde kumi, lazima liwe nao. Vitu vingine vyote vinaweza kutoka.

Kikomo cha jukwaa si kikomo cha mtu

Wengi huanza na swali la urefu, na ni rahisi kulijibu. TikTok iliruhusu dakika 3 mwaka wa 2021, halafu 10 mwaka wa 2022. Shorts za YouTube zinafika dakika 3 tangu Oktoba 2024. WhatsApp Status ilikaa sana na sekunde 30 kabla iongezwe. Kwa hivyo dakika zako tatu zinaweza kuingia karibu kila mahali. Shida ni kwamba watu hawafiki kwako kwa njia moja.

Wa YouTube amesoma kichwa akabonyeza mwenyewe. Ameshakupa ruhusa, anaweza kukaa kwa matatu na kijana akipigia mamake simu kumwambia amepata kazi. Hiyo sini inamfanya ampende, ndiyo maana akiliwa doo inauma. Wacha ikae.

Wa TikTok hakukuchagua. Umemtokea tu akiskroli, na kidole kiko tayari. Ukianza na matatu na mama, ameshaenda. Kwake unaanza na soja, yaani unaleta mwisho mbele:

SOJA: Buda, wewe ni wa nne leo.
KIJANA: Wa nne aje?
SOJA: Wa nne kuja na godoro. Hii ploti haina nyumba tupu.
KIJANA (kwa kamera): Niliona picha. Bedsita, ngiri saba. Ejenti akadai soo tano ya kuonyeshwa. Kabla hata tukutane akanipigia: kuna msee mwingine anaitaka, tuma renti nikushikie. Nikatuma.
(Anapiga simu. Imezimwa.)
SOJA: Na uliingia ndani kabla utume?
(Kimya.)
SOJA: Next time, ingia kwanza. Doo baadaye.

Soma hiyo kwa sauti na saa mkononi. Maneno ya kusemwa ni 53. Ukiongea maneno kama 120 kwa dakika, hiyo ni kama sekunde 27, na zinazobaki kwa dakika moja ni za simu na kile kimya. Usizijaze. Kimya cha kijana ndicho kinachosema amekula hasara.

Cheki kitu kimetoka: mama, matatu, sura ya ejenti. Lakini "kuna msee mwingine anaitaka" imebaki, kwa sababu ndiyo ilifanya atume haraka. Ukiitoa, kijana anaonekana mjinga tu, na watu watamcheka badala ya kujicheki. Dalili ya kukata sababu ni komenti za "kwani alituma tu hivyo?"

Status ni ya watu wanaokujua

Kwa Status, watazamaji wako ni anti, mwalimu wako wa zamani, boss, na mabeshte. Wengi wanaangalia wakiwa kwa mathree ama kazini, sauti imezimwa. Utani wa kumwita kijana fala, ambao TikTok ungepita, hapa unaweza kumgonga binamu yako aliyeliwa doo wiki jana. Shusha Sheng, toa matusi, weka maandishi yanayosomeka bila sauti:

Unatafuta nyumba Nairobi? Usitume pesa kabla hujaingia ndani. Picha si nyumba. Uliza soja wa ploti kama kuna nyumba tupu. Ejenti akikuharakisha, toka.

Maneno 22. Hakuna mhusika hata mmoja, lakini mgongo uko. Pia usiandike "kama nilivyosema jana," kwa sababu hiyo kitu itatumwa kwa grupu za watu wasiokujua, na lazima isimame yenyewe.

Redio haina macho

Ukipata nafasi ya sekunde 30 redioni, picha za bedsita safi hazipo tena, na ndizo zilimdanganya kijana. Usizieleze kwa maneno mengi. Badilisha mtego uwe wa sikio: sauti tamu ya ejenti, mlio wa meseji ya M-Pesa, godoro likianguka chini, halafu simu isiyopatikana. Na kwa sababu msikilizaji anaweza kufungulia katikati, na hawezi kurudisha nyuma, sema ile sentensi ya mgongo mara mbili.

Fuata mpangilio huu

Ukimaliza skripti ndefu, usishuke pole pole hadi fupi. Ruka uandike ya Status kwanza. Ikikataa kuingia kwa maneno 25, shida si Status, stori yako ina migongo miwili na lazima uchague mmoja. Halafu andika ya TikTok, mwisho ya redio.

Fanya hivyo kabla ya siku ya kushuti. Ile sini ya soja utaihitaji mara mbili, simu ikiwa imelala na ikiwa imesimama. Ukikata picha iliyolala iwe ya kusimama, soja ama kijana atabaki nje. Kwa ile ya kusimama, weka maandishi katikati ya skrini, juu kidogo. Chini na upande wa kulia vitufe vya TikTok vitayafunika.

Ukishaposti, fungua YouTube Studio uangalie mahali watu wanatoka. Wakitoka sekunde za kwanza, shida ni mlango, andika upya mwanzo tu. Wakitoka baada ya soja kusema "wewe ni wa nne," ulimpa neno kubwa mapema halafu ukamchosha na maelezo, punguza hapo. Na kama walifika mwisho lakini bado wanauliza namba ya ejenti, hiyo vidio itoe. Mgongo haukuingia, na kuna msee anakaribia kutuma 7,500 zake.