Msambao wa muda wa safari

Msambao wa muda wa safari ni kipimo cha umbali ambao muda halisi wa safari huweza kuchepuka kutoka wastani wake, juu au chini. Safari yenye vipande kadhaa haikadiriwi kwa kujumlisha ucheleweshaji mkubwa wa kila kipande, kwa sababu ni nadra vipande vyote kuharibika siku moja. Kinachojumlishwa ni varianisi, yaani mraba wa mchepuko sanifu wa kila kipande. Kanuni hiyo, iliyotolewa na Mfaransa Bienaymé mwaka 1853, inadai sharti moja: ucheleweshaji wa kipande kimoja usiathiri wala usifuatane na wa kingine.

Chukua msafiri wa kata ya Tindiga, wilayani Kilosa, anayekwenda Morogoro mjini. Anapanda bodaboda hadi Kilosa, anasubiri gari lijae stendi, kisha anapitia Dumila hadi Morogoro. Tuseme daftari lake la miezi miwili ya kiangazi linaonyesha wastani wa dakika 50 za bodaboda, 30 za kusubiri na 150 za gari. Michepuko sanifu ni dakika 10, 20 na 20. (Takwimu hizi ni za mfano, kila msafiri ana zake.)

Wastani hujumlishwa moja kwa moja: dakika 230, yaani saa 3 na dakika 50. Michepuko hupitia njia ya miraba: 100 na 400 na 400 ni 900, na kipeo chake cha pili ni 30. Aliyejumlisha 10, 20 na 20 angepata 50, akaondoka nyumbani mapema kupita kiasi. Kwa michepuko miwili kila upande, safari nyingi zitaangukia kati ya dakika 170 na 290. Upande wa chini hauaminiki sana: gari haliwezi kufika mapema kwa saa nzima, lakini laweza kuchelewa kwa saa nzima, hivyo mkia wa kulia huwa mrefu kuliko wa kushoto.

Miraba pia huonyesha mahali pa kuhangaika. Hata bodaboda ikiwa na uhakika kamili, kila siku dakika 50 bila kupungua wala kuzidi, mchepuko wa safari hushuka kutoka 30 hadi 28 tu. Lakini kusubiri kukipunguzwa msambao kwa nusu, kwa mfano kwa kufika stendi saa ambayo kondakta amebakiza viti viwili, hushuka hadi karibu 24. Kipande chenye msambao mkubwa ndicho kinachotawala.

Sharti la kutotegemeana huvunjika masika. Mvua ile ile inayojaza tope kwenye matairi ya pikipiki hadi dereva ashuke alikwangue kwa kijiti, ndiyo inayopunguza abiria stendi na kulipunguzia gari mwendo. Hapo vipande vitatu vinachelewa pamoja. Dalili yake iko kwenye daftari: pima mchepuko wa safari nzima, uuweke mraba, kisha ulinganishe na jumla ya miraba ya vipande. Safari nzima ikionyesha 38, mraba wake ni 1,444; ziada ya 544 juu ya 900 imetokana na vipande kuchelewa pamoja. Dawa ni kutenganisha hesabu ya masika na ya kiangazi. Siku za mafuriko, kama yale ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliyoharibu reli ya kati wilayani Kilosa, haziingii katika wastani wowote: njia yenyewe haipo.

Sharti huvunjika pia msafiri anapounganisha na treni ya saa maalumu badala ya gari linalosubiri kujaa. Akijiwekea akiba ya dakika 20 kituoni, bodaboda ikichelewa dakika 15 hapotezi chochote. Ikichelewa 25, anakosa treni. Kwa mchepuko wa dakika 10, na ucheleweshaji ukisambaa kwa umbo la kengele, hatari hiyo ni kama 2 kwa 100. Ni ndogo, lakini ikiwa treni inayofuata iko saa 5 mbele, hatari hiyo peke yake huzaa mchepuko wa zaidi ya dakika 40, mkubwa kuliko wa vipande vyote vya mfano wa kwanza kwa pamoja. Hata hivyo hakuna siku inayochelewa dakika 40: karibu siku zote hazichelewi, na chache huchelewa saa 5. Kwa safari ya namna hii ni afadhali kutaja mambo mawili mbalimbali, muda wa kawaida na uwezekano wa kukosa treni, kuliko kuyachanganya katika namba moja. Mgonjwa mwenye miadi hospitalini Morogoro anahitaji namba ya pili zaidi, na masika akiba yake ya dakika 20 haitoshi.