Umetuma Skrinshoti ya Ramani na "Nafikaje Hapa?" Bila Kusema Uko Wapi? Soma Hii Kabla Utumwe Endebess ya Kuzunguka

Hii meseji unaijua. Msee anadondosha skrinshoti ya ramani kwa grupu, pini nyekundu iko katikati, halafu chini ameandika "nafikaje hapa?" Hajasema ako wapi. Hajasema kama ako na gari, nduthi ama anapanda mathree. Baada ya dakika kumi watu watano wamempa njia tano, na zote ni sawa. Noma ni kwamba labda hakuna hata moja ya hizo ni yake.

Wacha tuchukue mfano wa ukweli. Pini iko kwa Mbuga ya Mlima Elgon, upande wa Endebess, kaunti ya Trans Nzoia. Geti kuu ya upande huu inaitwa Chorlim, na ndiyo watu hutumia wakienda kuona pango la Kitum.

Pini moja, njia nne

Kama uko Nairobi, unapanda basi ama shato hadi Kitale kupitia Nakuru na Eldoret. Hiyo ni kama kilomita 380, kwa hivyo hesabu siku nzima ya safari. Ukifika Kitale unabadilisha, unaingia mathree ya Endebess. Huo mji uko karibu kilomita 20 mbele, kaskazini-magharibi. Ukishuka Endebess, unamalizia na nduthi hadi geti.

Kama uko Bungoma mjini, hiyo stori ya Eldoret haikuhusu kabisa. Unaenda Webuye, halafu unashika barabara ya Kitale inayopita Misikhu, Kamukuywa na Kiminini. Kutoka Kitale ndiyo njia yako inafanana na ya mtu wa Nairobi.

Kama uko Kapsokwony, hapa ndipo skrinshoti inachezea watu. Kwa picha, mbuga iko tu juu ya kichwa chako, unaona kama ni ya kutembea. Lakini Kapsokwony iko upande wa kusini-mashariki wa mlima, na Chorlim iko upande mwingine. Kati yenu kuna msitu na miteremko. Njia ya lami ya kutegemea inakurudisha chini hadi Kamukuywa, halafu Kitale, halafu Endebess. Anayekuambia "ni karibu" anapima na kidole, hapimi na barabara.

Kama unatoka Kapchorwa, Uganda, unavuka mpaka pale Suam, na Endebess inakuja kabla ya Kitale. Mtu akikuambia "shuka Kitale ubadilishe," amekupitisha Endebess, na utalipa nauli ya kurudi.

Umeona? Pini haijasonga hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali mtu ameanzia, na hiyo ndiyo skrinshoti haikusema.

Usafiri nao unabadilisha jibu

Google Maps ikikuonyesha laini ya samawati na dakika, kwa kawaida hiyo ni hesabu ya gari la kibinafsi linaloenda moja kwa moja. Haijui mathree inangoja ijae. Haijui utabadilisha gari Kitale. Haijui mvua imenyesha na kipande cha mwisho cha barabara ya udongo kimegeuka matope. Pia kama ulikata skrinshoti ikiwa na dakika juu, hizo dakika zilikuwa za mahali ulikuwa wakati huo. Ukiituma kesho ukiwa kwingine, hazina maana.

Kwa mbuga kuna kitu kingine. Geti hufungwa saa kumi na mbili jioni. Mwenye gari akitoka Kitale saa nane mchana bado ako na muda kidogo wa kuona kitu. Wa mathree na nduthi anaweza kufika amechelewa, na nduthi itamwacha getini. Huko ndani kuna ndovu na nyati, kwa hivyo mambo ya kuzunguka ndani lazima uyapange mapema.

Jina pia linadanganya

"Endebess" ni mji, lakini pia ni jina la wadi na la eneobunge zima, ambalo lina wadi tatu: Endebess, Chepchoina na Matumbei. Ukialikwa harusi "Endebess," boma lenyewe linaweza kuwa Chepchoina, mbali na steji ya mjini. Ukiandika jina tu kwa ramani, pini inaweza kuanguka katikati ya eneo, mahali hakuna mtu anakungoja.

Mbuga nayo ni hivyo hivyo. Uganda pia iko na Mbuga ya Mlima Elgon, na kilele kirefu zaidi cha mlima, Wagagai, kiko upande wao. Kwa hivyo usitafute mbuga, tafuta geti. Andika Chorlim.

Na anwani ya posta usiitumie kama njia. "S.L.P. kadhaa, 30200 Kitale" inakuambia barua inachukuliwa posta gani. Shule yenye hiyo anwani inaweza kuwa mbali sana na Kitale mjini.

Tuma kitu kinachobonyezeka

Skrinshoti ni picha tu. Anayeipokea hawezi kuigusa ikamfungulia njia. Badala yake, fungua Google Maps, bonyeza mahali penyewe kwa muda hadi pini ianguke, halafu utume linki. Ama kama mwenyeji wako ako hapo, mwambie akutumie lokesheni kwa WhatsApp akiwa amesimama getini kwake, si akiwa sokoni.

Kama mtandao unasumbua, nambari za pini zinatosha, hata kwa meseji ya kawaida. Kitale iko karibu na hizi:

```
1.02, 35.00
```

Ya kwanza ni kaskazini au kusini ya ikweta, ya pili ni mashariki. Ukizigeuza, 35.00 ikaja mbele, umetua Aljeria. Ukiweka alama ya kutoa mbele ya 1.02, umevuka ikweta na uko maeneo ya Kilgoris, kaunti ya Narok. Na usizikate: nambari mbili baada ya nukta zinaweza kukuacha nusu kilomita na zaidi kutoka mahali penyewe, lakini nne zinakufikisha ndani ya mita kumi hivi.

Meseji yenyewe iandikwe hivi

"Niko Webuye stejini. Naenda geti ya Chorlim, linki ndiyo hii. Napanda mathree, sina gari. Natoka Jumamosi saa moja asubuhi, nataka kufika kabla ya saa sita. Nibadilishe wapi?"

Hiyo inajibika kwa laini moja: panda ya Kitale, badilisha upande ya Endebess, malizia na nduthi.

Na kama wewe ndiye umetumiwa skrinshoti kavu, usianze kuandika njia. Uliza maswali mawili tu: "Unatoka wapi?" na "Unakuja na nini?" Asipojibu hayo, mpe kitu kimoja ambacho ni kweli kwa karibu kila mtu anayetoka ndani ya Kenya: "Fika Kitale kwanza, halafu unipigie."