Herufi Moja, Mbali na Jeni ya Maziwa

Nilipoanza kusoma historia ya maziwa, nilitazama pasipo. Laktasi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya maziwa, hupungua kwa watu wengi baada ya kuachishwa ziwa. Nilidhani wafugaji wanaokunywa maziwa hadi uzeeni wana laktasi ya aina nyingine. Kumbe ni ileile. Tofauti ni kwamba kwao jeni yake, LCT, inaendelea kusomwa.

Mwaka 2002, Nabil Enattah, Leena Peltonen na wenzao walichunguza familia za Ufini. Walioweza kuvumilia maziwa walikuwa na T mahali ambapo wengine wana C. Herufi hiyo iko karibu herufi 14,000 kabla ya LCT, ndani ya jeni jirani, MCM6, tena katika sehemu inayokatwa na kutupwa baada ya kunakiliwa. Inawezaje basi kuiamuru LCT?

Sehemu hiyo ni kichochezi: kituo cha DNA ambako protini vidhibiti hutua. Mojawapo, Oct-1, huishika T kwa nguvu kuliko C. DNA ikijikunja, kituo hicho cha mbali hukaribia mwanzo wa LCT, na protini zilizotua hapo husaidia mashine ya kunakili kuanza kazi. Jeni haibadiliki; kinachobadilika ni mara ngapi inasomwa.

Je, T hiyo inawaeleza wanywaji maziwa wote? Mwaka 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwanywesha sukari ya maziwa, kisha wakapima sukari katika damu: ikipanda, laktasi ipo. Wengi ilipanda, ingawa hawakuwa na T ya Ufini. Kwa Watanzania na Wakenya wengi kulikuwa na C badala ya G, herufi 100 tu kutoka ile ya Ufini, katika kichochezi kilekile.

Kuwa pamoja si kusababisha. Kwa hiyo waliunganisha kipande hicho cha DNA na mwanzo wa LCT, wakafuatisha jeni ya mwanga ya kimulimuli, wakaviingiza katika seli za utumbo zilizokuzwa maabara. Kipande chenye C kilitoa mwanga zaidi. Hata hivyo, seli hizo zilitokana na saratani, na ule umbali wa herufi 14,000 haukuwemo. Tena, baadhi ya waliovumilia maziwa hawakuwa na herufi yoyote kati ya zilizojulikana.

Ndiyo maana kipimo kinachotafuta T peke yake kinanitia wasiwasi. Mpime mfugaji wa Kimaasai: karatasi itasema maziwa hayamfai, naye ameshika kibuyu chake, anakunywa kama alivyokunywa babu yake.