Nami, naye na nasi: neno moja au mawili?

Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba nami ni ufupisho wa na mimi, naye ni ufupisho wa na yeye, na nasi ni ufupisho wa na sisi. Kwa kueleza maana, hilo linatosha. Kwa historia, mambo yanaonekana kwenda kinyume: si mimi iliyokatwa ikabaki mi, bali ni mi iliyorudiwa ikawa mimi.

Ushahidi wa kwanza umo katika maneno yenyewe. Mimi, wewe, yeye na sisi ni silabi moja iliyotamkwa mara mbili. Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo neno linalotaka kusimama peke yake huhitaji angalau silabi mbili. Vijineno kama na, ni na wa havina mkazo wake, na huegemea jirani. Mzizi mi ukiwa peke yake ulihitaji kuongezewa kitu, ukarudiwa. Ulipotanguliwa na na, silabi mbili zilikuwa zimetimia, na hapakuwa na haja ya kurudia. Ndivyo ilivyo pia baada ya ndi-: ndimi, ndiwe, ndiye, ndisi, ndinyi.

Kizulu kinaunga mkono jambo hilo kutoka mbali. Huko "mimi" ni mina, "wewe" ni wena na "sisi" ni thina. Mzizi umepewa -na nyuma badala ya kurudiwa. Lakini ukiunganishwa na na, nyongeza hiyo huondoka: nami, nawe, nathi. Lugha mbili zilizoachana zamani zimetafuta kila moja njia yake ya kuusimamisha mzizi uleule, na zote mbili zimeuacha mfupi baada ya na.

Je, nami ni neno moja leo? Mkazo unajibu ndiyo. Katika na mimi, sauti hupanda kwenye mi ya kwanza. Katika nami, hupanda kwenye na yenyewe, ambayo kwa kawaida haina mkazo. Clement Doke, mwanaisimu wa lugha za Kibantu aliyefundisha Johannesburg, aliufanya mkazo kuwa kipimo kikuu cha mipaka ya neno katika istilahi alizochapisha mwaka 1935. Kipimo cha pili ni kujaribu kupenyeza neno katikati. Mtu husema "na hata mimi", lakini "na hata mi" haiwezi kuchukua nafasi ya nami mwishoni mwa sentensi.

Kwa vitu visivyo watu, hata hilo dai la ufupisho linakosa pa kushika. Kisu hakina kiwakilishi kinacholingana na yeye, kwa hiyo nacho haifupishi chochote. Ni na pamoja na -cho, ile -o ya urejeshi ambayo E. O. Ashton aliipa nafasi kubwa katika sarufi yake ya 1944. Hapa ndipo wanafunzi hukosea wakaandika "nilikuwa na cho". Sahihi ni nilikuwa nacho, maneno mawili. Wakati uliopo ni ninacho, neno moja, kwa kuwa kitenzi kuwa hakipo na kiambishi cha nafsi kimeishika na moja kwa moja.

Mtu aliyesoma miswada ya zamani ya hati za Kiarabu hawezi kutegemea nafasi za karatasini kuamua suala hili, maana mara nyingi waandishi waliiunganisha na hata na nomino iliyofuata. Kizulu hufanya hivyo hadi leo: umuntu ikitanguliwa na na huwa nomuntu. Maandishi ya Kilatini ya Kiswahili yalichukua njia ya kati: na Juma na na mtoto huandikwa mbalimbali, kwa sababu nomino ina mkazo wake, lakini naye na nacho huunganishwa. Vivyo hivyo huandikwa na nani, kamwe si "nanani".

Umbo refu halikufa, wala halina maana ileile kila mahali. Anayeuliza nani mwingine anataka chai hujibiwa "Na mimi!"; "Nami!" peke yake ingesikika kama sentensi iliyokatika, kwa sababu umbo fupi hupenda kuwa na maelezo yanayoendelea, kama katika "nami nitakunywa". Tofauti huwa kubwa zaidi katika naye. "Juma naye ameondoka" inamhusu mtu mmoja, Juma, akilinganishwa na wengine waliokwisha kutajwa. "Juma na yeye wameondoka" inahusu watu wawili, na kitenzi chenyewe kinalithibitisha hilo: ame- hapo kwanza, wame- hapo pili. Mazungumzoni watu husema pia "Juma na yeye ameondoka" kwa maana ile ya kwanza, na msikilizaji hulazimika kusubiri kitenzi ndipo ajue ni wangapi walioondoka.